Nimelipa 8,000 halafu 20,000 nikisubiri kopa, kopa ikaja na bado nikaliwa. Hesabu ilikosea wapi?

Kopa Tisa

Wakuu habari za jioni. Najua humu wapo watu wa poka, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani, sio arubastini ya kibarazani, naomba mnisaidie maana tangu Jumamosi silali vizuri.

Tuna meza yetu Sinza, watu sita, kila mmoja anaingia na laki, blaindi ni 500 na 1,000. Nilikuwa nimekaa ile nafasi ya mwisho, unaongea wenzako wote wameshaongea. Nikapewa J na 10, zote kopa. Jamaa mmoja, tumwite Mzito, akapandisha 3,000, nikalipa, wale wawili wa blaindi nao wakajazia, mezani ikawa 12,000.

Flopu: K ya kopa, 7 ya kopa, 2 ya pau. Wa blaindi wakacheki, Mzito akaweka 8,000. Mimi hapo nna kopa nne, nataka moja tu niwe na flashi. Nilishaelekezwa zamani kwamba kopa zilizobaki ni 9, unazidisha mara 4 unapata 36, basi nna asilimia 36. Nikaona inalipa nikaingia, wa blaindi wakatupa karata zao.

Ya nne ikaja 3 ya uru, pumba. Poti 28,000, Mzito akapiga 20,000 wala hajapepesa macho. Nikasita, ila nikajiambia asilimia 36 zangu bado ninazo na hela yangu imeshaingia humo, nikalipa. Riva: 2 ya kopa!! Wakuu mikono ilitetemeka. Mzito akaweka 40,000 nikasukuma zote 69,000 zilizobaki, hata sijamaliza kusogeza chipu jamaa kashalipa, anafunua K mbili. Mezani kuna K moja na 2 mbili. Fulhausi.

Sitaki pole. Nataka kujua ile 8,000 na ile 20,000 nililipa kihesabu au nililipa kishabiki.

---

Mtoto wa Mtogole

Pole hiyohiyo utaipokea mkuu. Laki sio mchezo, shemeji anajua?

---

Profesa Majungu

Simpo sana hii. Poti ilikuwa 20,000 wewe ukalipa 8,000. 8 kwa 20 ni asilimia 40. Wewe unadai ulikuwa na 36. 36 ni ndogo kuliko 40, ulitakiwa utupe karata pale pale kwenye flopu, mengine yote ni hadithi.

---

Abuu Swabri

Kamari ni kamari tu hata uipigie hesabu za chuo kikuu. Mcheni Mungu.

---

Mzee wa Mikeka

Mimi nimeona kichwa cha habari nikajua kuna mkeka humu, nasoma nasoma sioni mechi wala odi. Odi ziko wapi sasa?

---

Dila Mstaafu

Nimegawa karata kasino hapa Dar miaka kadhaa, mkono kama huu nimeuona mpaka nikachoka. Ngoja nivute kiti.

Kwanza Profesa, 40 yako sio sahihi. Akilipa ile 8,000 haipotei hewani, inaingia kwenye poti, na akishinda anairudisha pamoja na zile 20,000. Kwa hiyo unagawa 8 kwa 28, sio kwa 20. Hiyo ni asilimia 28 na ushee. Kosa la kuisahau hela yako mwenyewe kwenye poti linawafanya watu watupe karata nzuri kila siku.

Pili mwenye uzi. Ile 36 yako nayo ina kasoro kubwa zaidi ya ya Profesa. Ile ya kuzidisha mara 4 ni makadirio ya kuona karata MBILI, ya nne na ya tano, bila kulipa tena senti tano. Wewe 8,000 yako ilikununulia karata moja tu. Ya pili Mzito alikuuzia kwa 20,000 nyingine. Kwa karata moja unazidisha mara 2, unapata 18, na ukipiga hesabu kamili, karata 47 hujaziona na 9 kati yake ni zako, inatoka asilimia 19.

Sasa linganisha. Poti inakutaka uwe unashinda zaidi ya mara 28 kwa 100, wewe ukilipa hiyo 8,000 unapata kopa mara 19. Hapo kwenye flopu peke yake ilikuwa hailipi. Na kwenye ile 20,000 ndio ilikuwa hailipi kabisa.

---

Kopa Tisa

Daah. Mkuu yaani miaka miwili nazidisha mara 4 kila mahali. Lakini mbona nikiangalia kwenye simu, ile laivu ya mashindano, skrini inaonesha mtu mwenye karata nne za flashi ana 35 au 36 pale kwenye flopu?

---

Dila Mstaafu

Ile skrini inahesabu mpaka mwisho wa mkono kana kwamba hela zote zimeshaingia, na mara nyingi wanakuonesha karata za wote wawili. Haijui kama mchezaji atapigwa tena kwenye karata ya nne. Wewe uliyekaa mezani ndio unajua.

Na sijasema mara 4 ni uongo. Tuseme Mzito alibaki na 10,000 tu akazisukuma zote kwenye poti ile ya 12,000, na wale wa blaindi wameshaondoka. Unalipa 10,000, poti nzima inakuwa 32,000, inakutaka asilimia 31. Hapo hana cha kukuuzia tena, utaziona karata zote mbili kwa bei hiyo hiyo, na uwezekano wako ni 35. Lipa kabla hajamaliza sentensi. Karata zako ni zile zile na flopu ni ile ile, kilichobadilika ni hela iliyobaki mbele ya mwenzako tu.

Mzee wa Mikeka umeuliza kwa utani ila wewe ndio utaielewa hii kuliko wote. Poti nzima pamoja na hela yako, gawa kwa unacholipa. 28,000 kwa 8,000 ni 3.5. Hiyo ndio odi uliyopewa, kama odi ya kwenye mkeka kabisa, dau lako limo ndani. Halafu karata usizoziona gawa kwa auti zako, yaani zile kopa unazozisubiri, 47 kwa 9, unapata 5.2. Hiyo ndio odi ambayo ingekuwa haki. Sasa wewe ungekubali timu ambayo haki yake ni 5.2 upewe kwa 3.5?

---

Mzee wa Mikeka

Aaah kumbe! Hapana siichukui hiyo, hiyo kampuni inanila. Na ile ya pili?

---

Dila Mstaafu

Ya pili alipewa 68,000 kwa 20,000, odi 3.4. Karata ambazo hajaziona zimebaki 46, auti bado 9, haki ni 5.1. Kaichukua tena.

---

Mzee wa Mikeka

Huyo ndio yule anayebeti timu anayoshabikia.

---

Kopa Tisa

Nimekubali kichapo. Lakini hela yangu 11,000 ilikuwa imeshaingia, ningetupa si ningeipoteza bure?

---

Dila Mstaafu

Ile ilishakuwa ya poti, haina jina lako tena. Na usidhani tumeisahau, imo ndani ya ile 68,000, yaani umeshahesabiwa kama kitu cha kushinda. Ukiihesabu tena kama kitu cha kuokoa umeihesabu mara mbili.

Ngoja nikuoneshe kwa shilingi kabisa maana asilimia zinapumbaza watu. Chukua ile ya 20,000. Karata 46 zimebaki, tufanye tunazifunua zote moja moja, kila moja kama mkono wake. Zile 9 za kopa kila moja inakupa 48,000 iliyokuwa mezani, jumla 432,000. Zile 37 zingine kila moja inakula 20,000 yako, jumla 740,000. Umebaki unadaiwa 308,000, gawa kwa 46, ni kama 6,700. Yaani kila ukilipa dau kama lile ni sawa umempa Mzito elfu sita na mia saba mkononi, hata siku ambayo kopa imekuja ukashinda ukapiga meza ukashangilia.

---

Mtoto wa Mtogole

Hiyo sentensi ya mwisho imenigusa kwenye maini.

---

Fundi Saa

Mimi nina swali, samahani kama la kijinga. Mnasema 47. Lakini meza ina watu sita. Watu watano wengine wamepewa karata kumi, humo ndani lazima kuna kopa kadhaa zimeshalala. Hazimo kwenye dasta ya karata zilizobaki. Sasa mnahesabuje kopa 9 kana kwamba zote bado zinamsubiri? Hesabu yenu naona inamdanganya mtu.

---

Profesa Majungu

Fundi yuko sahihi hapo. Toa karata kumi, zinabaki 37, na kopa toa mbili hivi zinabaki 7.

---

Dila Mstaafu

Profesa sasa gawa. 7 kwa 37.

---

Profesa Majungu

0.189

---

Dila Mstaafu

Asilimia 19, tumerudi pale pale tulipoanzia :) Ukitoa karata kumi usizozijua unatoa kopa kwa wastani ule ule unaotoa nao pumba. Karata iliyoko mkononi mwa mtu na karata iliyoko chini kabisa ya dasta kwako wewe ni kitu kimoja, hujaziona zote mbili.

Ila swali la Fundi sio la kijinga, kuna siku linabadilisha kitu. Ukiona karata. Mgawaji kateleza ikafunuka kopa, au jirani yako katupa karata kwa uzembe ukaona 5 ya kopa inaenda, basi sasa auti ni 8 na zisizoonekana ni 46, unashuka mpaka asilimia 17 na kidogo. Nilikuwa naona wachezaji wazuri macho yao yanafuata karata zinazotupwa, wale wengine wanaangalia mhudumu.

---

Fundi Saa

Nimeelewa kichwani, moyoni bado haijakaa. Sawa.

---

Binti Kibokoni

Mie niko Mombasa, twacheza na wenzangu wikendi kwa hela ndogo ndogo. Naomba mnitazamie yangu pia, haifanani na ya huyu lakini yaniuma. Nilikuwa na 8 na 6, flopu ikaja Q, 7, 4, rangi tatu tofauti. Poti ilikuwa bob 600. Mtu akaweka 50 tu, wengine wakatupa, nimebaki mie wa mwisho. Nataka 5 peke yake nipate streti. Nikakumbuka shangazi yangu husema streti ya tundu moja hailipwi, nkatupa. Karata ilofuata 5. Nimetupa sawa ama nimekosea? Na msinambie nimekosea kwa sababu 5 ilikuja, hiyo naijua mwenyewe.

---

Dila Mstaafu

Hiyo sentensi yako ya mwisho inaonesha wewe hela hutoliwa kirahisi.

Umekosea, na si kwa sababu 5 ilikuja. Auti zako 4, 47 gawa kwa 4 ni kama 11.8, hiyo ndio odi ya haki, ni mbali kweli. Lakini angalia bei uliyopewa. Poti 600 na 50 yake ni 650, na 50 yako ni 700. 700 kwa 50 ni odi 14. Unapewa 14 kwa kitu cha 11.8. Hiyo inalipa hata kama hamtawekeana hela tena. Na hukuwa na mtu nyuma yako wa kupandisha, maana angekuwepo mtu hajaongea bado, hiyo 14 ingeweza kugeuka ghafla ukajikuta unatakiwa ulipe 400.

Na kuna uzuri mwingine, 5 ikija wewe una streti kubwa kuliko zote zinazowezekana pale, na hakuna anayeiona inakuja. Shangazi yuko sahihi siku mtu akipiga 400 kwenye 600. Pale unapewa odi 3.5 kwa kitu cha karibu 12, hata mimi nalala.

---

Binti Kibokoni

Ahsante sana. Basi si kanuni ya karata, ni kanuni ya bei. Ntamwambia shangazi, ingawa hataki kusikia.

---

Profesa Majungu

Mimi narudi kwa mwenye uzi maana kuna kitu Dila amekiruka makusudi. Mnahesabu kana kwamba kopa ikitoka mkono unaishia hapo. Huyu jamaa alikuwa na 69,000 nyuma na Mzito anazo pia. Kopa ikitoka riva anakula na hizo. Zile 48,000 zikiunganishwa na 69,000 ni 117,000 kwa kulipa 20,000. Hapo inalipa vizuri tu. Kwa hiyo Kopa Tisa ulilipa sahihi, umepigwa na bahati mbaya.

---

Dila Mstaafu

Sikuiruka, nilikuwa nasubiri mtu ailete, na umeileta nusu.

Ni kweli hela ya mbeleni inahesabika. Hasa kwenye ile 8,000. Tupige: ili 8,000 irudi bila faida wala hasara, kopa ikija kwenye karata ya nne inatakiwa ikupe jumla kama 33,800. Mezani kuna 20,000. Kwa hiyo unahitaji kumtoa Mzito kama 14,000 zaidi, kwa wastani, kwenye hatua mbili zilizobaki, na poti tayari 28,000. Mtu kapandisha kabla ya flopu na anapiga tena kwenye flopu yenye K, kumtoa 14,000 sio kazi ngumu, na wewe unaongea baada yake. Ndio maana nilisema flopu peke yake hailipi, ukiweka na ya mbeleni mimi ningelipa ile 8,000. Sio kwa 36 yake lakini, kwa sababu nyingine kabisa.

Ile 20,000 sasa. Kwa njia ile ile unahitaji kopa ikupe 82,000 na kitu. Mezani kuna 48,000. Kwa hiyo riva unatakiwa umtoe kama 34,000 KILA kopa inapotoka, na akikataa kulipa hata mara moja hesabu inaharibika. Mtu mwenye K moja na A akiona kopa ya tatu imelala mezani anakaza mkono. Hakupi 69,000. Wengine hata 15,000 hawakupi. Profesa umechukua siku nzuri kuliko zote ukaiita wastani.

---

Profesa Majungu

Kwa meza za Sinza ninazozijua mimi, watu wanalipa. Hawaoni kopa ya tatu hata ukiwawashia tochi. Wewe unaongelea wachezaji wa kasino.

---

Dila Mstaafu

Hapo sibishi, sijakaa meza hiyo. Lakini kumbuka watu wanaolipa riva ovyo wakiwa nyuma, ni wale wale wanaolipa wakiwa mbele na fulhausi. Ambayo ndio inatuleta kwenye kitu ambacho hakuna aliyekigusa bado.

Kopa Tisa, taja kopa zako 9 moja moja.

---

Kopa Tisa

Mkononi J na 10, mezani K na 7. Zimebaki A, Q, 9, 8, 6, 5, 4, 3, 2.

---

Dila Mstaafu

Mezani baada ya karata ya nne kulikuwa na K, 7, 2, 3. Angalia hizo 9 zako, ipi ikitoka inatengeneza pea mezani?

---

Kopa Tisa

3 ya kopa.

Na 2 ya kopa.

Aisee.

---

Dila Mstaafu

Ndio. Mtu mwenye K mbili mkononi, hizo mbili zinampa yeye fulhausi wakati zinakupa wewe flashi. Ni auti chafu. Dhidi yake hukuwa na 9, ulikuwa na 7. Na tukijua anazo K mbili, karata zisizojulikana ni 44, 7 kwa 44 ni asilimia kama 16. Odi ya haki 6.3, umechukua kwa 3.4.

Uchafu wenyewe ni mbaya mara mbili. Auti safi isipokuja unapoteza 20,000 tu basi unaenda zako kununua soda. Auti chafu IKIJA ndio inakuchomoa 69,000 nyingine, kwa sababu unaamini umefika. Hela yako kubwa ya siku ile haikwenda kwenye kubahatisha, ilikwenda pale ulipopata ulichokuwa unakitaka.

Na hata ile ya kuipata mapema ina mwiba. Tuseme kopa ingekuja karata ya nne, tuseme 9 ya kopa. Mzito na K tatu zake bado ana karata 10 za kumwokoa kwenye riva, K ya mwisho, 7 tatu, 2 tatu, 9 tatu. Hiyo ni karibu asilimia 23. Kwa hiyo kusema kopa ikija nimeshinda haikuwa kweli hata flopu.

---

Fundi Saa

Sasa mchezaji atajuaje zipi chafu na yeye haoni karata za mwenzake? Baada ya mkono kuisha kila mtu ni mjuzi.

---

Dila Mstaafu

Hajui kwa uhakika, anakadiria. Mzito anaweza kuwa na K mbili, A na K, A mbili, labda na kublafu kidogo. Dhidi ya A na K, kama A yake sio ya kopa, zote 9 ni safi. Dhidi ya K mbili ni 7. Na akiwa na A ya kopa pamoja na kopa nyingine, anasubiri flashi kubwa kuliko ya J, auti zako zinageuka kuwa mtego wote. Mimi mtu akipiga 20,000 kwenye 28,000 bila kupepesa, sihesabu 9. Nahesabu 8 au 7 na nusu, hivyo hivyo kwa jicho. Ndio, auti nusu, wachezaji wanafanya hivyo, na mwingine akikaa kiti kile kile atahesabu tofauti na mimi na sitamwambia kakosea.

---

Mtoto wa Mtogole

Auti nusu 😂 kopa iliyokatwa na wembe

---

Mzee wa Mikeka

Nimejaribu hii kwenye apu ya bure jana usiku. Nilikuwa na 10 na 9 za kopa, mezani 8 ya kopa, 7 ya kopa na 2 ya pau. Nikahesabu kopa 9, J nne, 6 nne, jumla 17. Mara 4 ni 68! Nikasukuma zote, nikaliwa. 68 inaliwaje?

---

Dila Mstaafu

68 inaliwa mara 32 kwa 100, hiyo moja. Ya pili, J ya kopa na 6 ya kopa umezihesabu mara mbili, zimo kwenye kopa na zimo kwenye streti. Ni 15. Na ya tatu, mara 4 ikifika auti nyingi inaongeza chumvi, 15 mara 4 ni 60 ila ukweli ni 54. Kwenye 9 inakosea kwa asilimia moja tu, huku juu inakosea kwa sita. Bado ulisukuma vizuri lakini.

---

Kopa Tisa

Wakuu nimechukua daftari nimeandika yote. Kwa hiyo nikijumlisha: ile 8,000 Dila anasema angelipa kwa sababu ya hela za mbeleni, Profesa anasema mwanzo nilikosea halafu sasa anasema nilikuwa sahihi

---

Profesa Majungu

Mtu anaruhusiwa kukua

---

Kopa Tisa

haha sawa. Na ile 20,000 Dila anasema tupa, Profesa anasema lipa kama Mzito ni mtu wa kulipa riva. Na ile 69,000?

---

Dila Mstaafu

Ile hata odi haihitaji. Alipiga 40,000, mezani kuna pea, wewe una flashi ya J. Ukilipa tu 40,000 sina neno kubwa. Ukisukuma jiulize nani atakulipa hiyo ya juu ambaye wewe unampiga. Flashi ndogo kuliko ya J, basi. Wengine wote wanaokulipa wanakuzidi.

Ila nijibu hili maana ndio lililobaki kati yangu na Profesa. Mzito kopa ya tatu ikitoka na yeye hana, huwa analipa au anatupa? Umecheza naye muda gani?

---

Kopa Tisa

Mwaka na nusu kila Jumamosi. Na nakiri sijawahi kuangalia, mimi huwa naangalia karata zangu.

---

Profesa Majungu

😶

---

Msafiri wa Mbezi

Samahani nimechelewa kwenye uzi, hiyo meza ya Sinza Jumamosi kuna nafasi?

---

Kopa Tisa

Ipo moja. Ya kwangu. Wiki hii naenda kukaa nyuma ya Mzito na soda yangu na daftari.